Picha Uliyoikata Bado Ni Nzima: Kwa Nini Mkato wa Galari Hurudi na Namna ya Kuufanya wa Kudumu

Pale Kenyatta Market, mteja akimaliza kusukwa, msusi humpiga picha kabla hajainuka kitini. Wateja wengi hukubali kwa sharti moja: "Dada, nywele tu, uso usionekane." Msusi anapiga picha nzima haraka haraka, kisha jioni anaikata kwenye galari ya simu mpaka zibaki rasta na shingo, anagusa Save, na picha inaingia kwenye Status ya WhatsApp. Aliyeitazama kule Status ameona nywele tu, kama alivyoahidiwa mteja.

Tatizo liko kwenye simu yenyewe, kwa sababu simu ya kibanda si ya mtu mmoja. Anaishika msusi, wanaishika wasaidizi wake, na mteja anayesubiri foleni anapewa aangalie mitindo. Yeyote kati yao akifungua picha ile, akagusa alama ya kalamu, kisha akagusa neno Revert, uso uliokatwa unarudi wote, na macho yake na hereni zake. Hahitaji ujuzi wowote wala programu ya ziada.

Na hili si jambo la aibu tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya uso wa mtu ni data yake binafsi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Mteja aliyekubali nywele zake zionekane hajakubali uso wake uonekane, na msusi anayempa msaidizi simu ya kazi anampa pia kila kilichomo ndani yake.

Kinachotokea unapogusa Save

Ukikata picha kwenye galari, simu haiitupi sehemu uliyoiondoa. Inaweka ile picha ya awali mahali fulani, inaandika maelezo ya mkato (anzia hapa, ishia pale, zungusha kiasi hiki), halafu inakuonyesha matokeo. Watengenezaji walifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa watu hukata vibaya kila siku kisha wakataka picha yao irudi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ile ya awali imewekwa wapi? Jibu hutofautiana kati ya simu na simu, na ndilo linaloamua nani anaweza kuirudisha.

Kwenye Samsung, faili lililo katika folda ya kamera huandikwa upya likiwa limekatwa kweli, lakini picha ya awali huhamishiwa kwenye folda ya mfumo ambayo wewe huwezi kuifungua. Mwishoni mwa faili jipya hubandikwa maelezo mafupi yanayoiambia galari ya awali iko wapi. Ndiyo maana Revert hufanya kazi ndani ya simu ileile, na kwa kawaida hukosekana faili likishafika kwenye simu nyingine: maelezo yamesafiri, picha ya awali imebaki nyumbani.

Kwenye iPhone, picha ya awali haiguswi kabisa. Maelezo ya mkato hukaa kando, na simu hutengeneza toleo la pili la kuonyesha. Ukiichomeka iPhone kwenye kompyuta ya Windows kwa kebo na kunakili picha, unaweza kuyakuta yote matatu waziwazi: kwa mfano IMG_2041.HEIC ndiyo nzima, IMG_E2041.HEIC ndiyo iliyokatwa, na IMG_2041.AAE ndiyo maelezo. Fikiria basi umeenda kuchapisha mabango kwenye saiba ya River Road, kijana wa pale akanakili folda yote kwenye kompyuta yake. Amechukua na nyuso.

Google Photos nayo hutunza picha ya awali, na kama umewasha hifadhi ya mtandaoni, hiyo ya awali iko kwenye akaunti yako, si kwenye simu tu. Kila kifaa kilichoingia kwa akaunti hiyo kinaweza kuirudisha. Ni hivyo hivyo kwa iCloud. Mkifungua maktaba ya pamoja ya picha ya iCloud, wenzako waliomo wanaweza kuhariri picha, na pia kufuta uhariri wako.

Jambo moja la pembeni kabla hatujaendelea. Kufunika uso kwa kalamu nyeusi au kibandiko ndani ya galari kuna udhaifu uleule: kinarudishwa kwa Revert kama mkato. Hatua zifuatazo zinatibu yote mawili.

Kukata kwa kudumu kunahitaji mambo mawili

La kwanza ni kutengeneza faili jipya lenye pikseli zilizobaki peke yake, lisilo na uhusiano na lile la awali. La pili ni kuiondoa ile ya awali kila mahali ilipo. Watu wengi hufanya moja wakadhani wamemaliza. Aliyetengeneza nakala safi bila kufuta ya awali ana picha mbili, na ile mbaya bado ipo. Aliyefuta bila kutengeneza nakala safi hana picha.

Fuata utaratibu huo: nakala kwanza, kuikagua, halafu kufuta. Usifute kitu kabla hujaikagua nakala, kwa sababu safari hii hakuna kurudi nyuma.

Kwenye Samsung

Tuchukue picha moja ya msusi wetu. Kamera imetoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Anataka mraba wa nywele tu.

Afungue picha kwenye Gallery, aguse kalamu, akate mraba anaoutaka. Tuseme umetoka pikseli 1800 kwa 1800. Hapo ndipo asiguse Save. Aguse vidoti vitatu, kisha Save as copy. Sasa galari ina picha mbili: ya awali ikiwa nzima, na nakala iliyokatwa.

Kama tayari alikuwa ameikata kwa Save zamani, aifungue hiyo hiyo, aguse kalamu, asogeze kingo za mkato kidogo tu, kisha achague Save as copy.

Halafu aifungue nakala, aguse kalamu, atazame kama neno Revert lipo na linagusika. Usiruke hatua hii, kwa kuwa toleo la programu ya simu yako ndilo litakaloamua tabia ya nakala, na menyu hizi hubadilika simu inaposasishwa. Kama Revert haipo au imefifia, nakala ni safi. Kama inagusika, iguse uone inaleta nini, kisha utoke bila kuhifadhi. Ikileta uso, nakala hiyo haitoshi. Tumia njia ya WhatsApp nitakayoieleza chini.

Kwenye iPhone

Hapa kuna mtego unaowanasa hata watu makini. Kitufe cha Duplicate hakisaidii: nakala yake huzaliwa na historia yote ya uhariri, na Revert hufanya kazi juu yake pia. Skrinshoti iliyokatwa pale pale baada ya kupigwa, kupitia kile kijipicha kinachotokea kwenye kona, nayo ikihifadhiwa kwenye Photos inaweza kurudishwa. Mtu aliyepiga skrinshoti ya ujumbe wa M-Pesa, akakata salio, kisha akampa mwenzake simu aione, bado anatembea na salio lake.

Njia inayofanya kazi ni kuitoa picha nje ya Photos na kuirudisha ikiwa mpya. Fungua picha iliyokatwa, gusa alama ya kushiriki, na juu ya ukurasa huo gusa Options. Hakikisha All Photos Data imezimwa. Hiyo ndiyo swichi inayobeba picha ya awali pamoja na historia ya uhariri, na ikiwashwa wakati wa AirDrop, unayemtumia anapokea uwezo wa kurudisha. Zima pia Location, kwani mteja wako hana sababu ya kutangaziwa alikosukiwa. Kwenye muundo wa faili chagua Most Compatible ili upate JPEG inayofunguka kwenye simu yoyote.

Gusa Done, kisha Save to Files, na uiweke kwenye On My iPhone. Sasa nenda kwenye programu ya Files, fungua picha hiyo, gusa kushiriki, halafu Save Image. Imerudi Photos kama picha mpya isiyo na asili. Ifungue, gusa Edit: Revert isiwepo.

Usisahau kuifuta ile nakala iliyobaki Files ukimaliza. Haina madhara, ila itakuchanganya baadaye.

Kwenye Google Photos, na simu ambazo galari yake huijui

Ndani ya Google Photos, kata kisha chagua kuhifadhi nakala badala ya Save ya kawaida, halafu fungua nakala na utafute Revert kama tulivyofanya kwenye Samsung. Kwa Tecno, Infinix, itel na nyinginezo, galari hutofautiana mno kati ya modeli na modeli, kwa hiyo usiamini menyu. Amini jaribio: hifadhi, funga galari kabisa, fungua tena picha, gusa kuhariri, tafuta njia yoyote ya kurudisha. Ikipatikana, mkato si wa kudumu.

Njia ya WhatsApp, na kwa nini skrinshoti si nzuri kwa kazi hii

Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu huichora upya na kuibana. Kinachofika upande wa pili ni pikseli zilizoonekana tu. Maelezo ya galari na mahali ilipopigwa havifiki. Kwa hiyo msusi anaweza kujitumia mwenyewe picha iliyokatwa, kwenye ile gumzo ya kujiandikia, akichagua ubora wa HD, kisha aihifadhi iliyofika. Gharama yake ni ubora: kwa ubora wa kawaida upande mrefu hushushwa hadi karibu pikseli 1600, na kubanwa huko hula ule ung'aavu wa nywele ndogo ndogo ambao ndio unaouza kazi. Kwa Status hutaona tofauti. Kwa bango la kuchapishwa utaiona.

Lakini tahadhari: ukiituma kama Document, faili huenda lilivyo, bila kuguswa. Ni njia nzuri ya kulinda ubora na ni njia mbaya ya kusafisha.

Skrinshoti nayo husafisha kweli, mradi uikuze picha hadi ijaze kioo na usiikate tena baadaye. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kuzidi kioo chako. Ule mraba wa pikseli 1800 ukiupiga skrinshoti kwenye simu yenye kioo cha upana wa 1080, umebaki na 1080. Kwenye simu ya bei nafuu yenye 720, umebaki na 720. Mimi huitumia kwa risiti na ujumbe, sio kwa picha ya biashara.

Kwa aliye na kompyuta

Msusi mwenye picha za mwaka mzima hatazipitia moja moja kwenye kioo kidogo. Azihamishe kwa kebo hadi kwenye kompyuta, na huko kuna programu ya bure iitwayo ImageMagick. Amri moja huifungua picha, huichora upya, na huacha nyuma kila kilichobandikwa kwenye faili:

```
magick nywele.jpg -auto-orient -strip -quality 92 nywele-safi.jpg
```

Neno -auto-orient lisiachwe, tena litangulie -strip. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni kwamba isimamishwe. Ukifuta maandishi hayo bila kuisimamisha kwanza, mteja wako atatoka amelala ubavu. Kumbuka pia kwamba amri hii husafisha picha iliyokwisha kukatwa. Ukiipa picha nzima itakurudishia picha nzima.

Ukitaka kujua kama faili la Samsung bado lina maelezo ya galari, kwenye Linux au Mac andika:

```
grep -a -c "PhotoEditor_Re_Edit_Data" nywele.jpg
```

Ikijibu 0, maelezo hayo hayamo. Ikijibu 1 au zaidi, yamo, na kwenye simu iliyoikata picha hiyo Revert inaweza kuwa hai.

Kuiondoa ya awali

Sasa nakala imekaguliwa. Rudi kwenye galari na ufute ile ya awali, pamoja na ile uliyoikata kwa Save. Kufuta kwa kawaida hakuiondoi, huihamisha. Samsung huiweka kwenye Trash kwa siku 30. iPhone huiweka kwenye Recently Deleted kwa takriban muda huo huo. Google Photos huiweka kwenye Trash kwa siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, na siku 30 kama haikuwa. Ingia humo na uifute tena kwa mkono, la sivyo msaidizi mdadisi ana mwezi mzima wa kuipekua.

Kisha fikiri ilipopita. Kama hifadhi ya mtandaoni ilikuwa imewashwa msusi alipopiga picha mchana, picha nzima ilipanda mtandaoni kabla hajaikata jioni. Afungue photos.google.com kwenye kivinjari na atafute kwa tarehe. Kama aliwahi kumtumia mteja picha nzima kwa WhatsApp, ipo pia kwenye simu ya msusi mwenyewe, ndani ya folda hii ya Android:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Sent
```

Hapa ndipo watu wengi husahau, kwa kuwa folda ya Sent kwa kawaida haionyeshwi na galari. Ifungue kwa programu ya mafaili.

Kama unataka kubaki na picha nzima kwa kumbukumbu zako, hilo ni sawa pia, ila isikae kwenye simu ya kibanda. Samsung nyingi zina Secure Folder, na iPhone ina albamu ya Hidden inayofunguliwa kwa uso, alama ya kidole au namba ya siri. Katika hali hiyo weka ya awali huko, na nakala safi pekee ibaki galarini.

Picha zilizotoka kwenye Pixel za zamani

Kuna tukio moja ambalo mkato ulivuja hata baada ya picha kutumwa kwa watu wengine. Mwezi Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro waliyoipa jina aCropalypse, yenye namba CVE-2023-21036, katika zana ya Markup ya simu za Google Pixel. Ukikata skrinshoti, zana hiyo iliandika picha mpya ndogo juu ya faili lilelile la zamani bila kulifupisha kwanza. Faili jipya likawa fupi kuliko la kale, na mabaki ya la kale yakabaki mkiani. Programu za kuonyesha picha husimama picha mpya inapoishia, hivyo hakuna aliyeyaona. Lakini mwenye ujuzi aliweza kuyachambua na kupata sehemu kubwa ya kilichokatwa.

Google walirekebisha kwa sasisho la usalama la Machi 2023. Marekebisho hayo hayakugusa picha zilizokwisha kukatwa na kutumwa. Kama una Pixel iliyonunuliwa ikiwa imetumika, au ulikuwa nayo kabla ya tarehe hiyo, skrinshoti zako za zamani za PNG zilizokatwa kwa Markup zipitishe kwenye ile amri ya ImageMagick, na zile ulizoziweka mahali pa wazi zibadilishwe kwa mpya. Zilizopitia mtandao unaochora picha upya hazina mabaki hayo. Zilizotumwa kama faili lilivyo ndizo za kutafuta.

Orodha ya bei iliyotengenezwa kwa Word

Msusi akiingiza picha nzima kwenye Word na kuikata humo humo ili atengeneze orodha ya bei, Word nayo huitunza sehemu iliyokatwa ndani ya hati. Yeyote atakayepokea faili la .docx ataivuta kingo na kuuona uso. Bonyeza picha, fungua Picture Format, kisha Compress Pictures, weka alama kwenye Delete cropped areas of pictures, na uhifadhi hati. Au ingiza ile nakala safi tangu mwanzo, ambayo haina cha kuvuta.